FP16 inanipa nan, BF16 inatambaa: nitumie gani kwa T4?

*Niko Kisumu, natreni mT5-small itafsiri Kiswahili kwenda Dholuo kwa ile GPU ya bure, T4. Nikiweka fp16=True losi inaandika 0.0 tangu mwanzo, halafu ikifika evaluation inasema nan. Msee mmoja akaniambia weka bf16, nikaweka, sasa inafanya kazi lakini inatambaa kama konokono. Hizi mbili zinatofautiana nini na nifanye aje?*

Omera, salamu kutoka Nakuru. Nitakupa jibu fupi kwanza ndio ukiwa na haraka uende: kwa hiyo GPU na hiyo modeli, zima fp16 na bf16 zote mbili, treni na FP32 ya kawaida, punguza bachi, na itatosha kwa memori, hesabu iko hapo chini. Lakini kaa kidogo nikueleze ni nini inatendeka, kwa sababu hii kitu itakurudia tu ukibadilisha modeli ama GPU.

Namba ya desimali kwa kompyuta imegawanywa mara tatu. Kuna biti moja ya alama, chanya ama hasi, kuna biti za kipeo, hizo ndizo zinasema namba ni kubwa ama ni ndogo kiasi gani, na zilizobaki ni biti za tarakimu, hizo ndizo zinasema namba yenyewe ni gani hasa. FP32 ina kipeo biti 8 na tarakimu 23. FP16 ina kipeo 5 na tarakimu 10. BF16, ile ilitoka Google Brain kwa ajili ya TPU, chipu zao wenyewe za kutreni modeli, ina kipeo 8 na tarakimu 7 tu. Kwa hivyo FP16 na BF16 zote ni biti 16, zinakula memori sawa, ila kila moja imekata mahali pake. FP16 imekata kipeo ikabakisha tarakimu, BF16 imebakisha kipeo chote cha FP32 ikakata tarakimu bila huruma. Kwa kweli ukichukua FP32 ukakata biti 16 za mwisho, kilichobaki ni BF16, hakuna uchawi mwingine.

Usiniamini mimi, endesha hii:

```python
import torch
x = torch.tensor([1.001, 70000., 1e-8])
for t in (torch.float32, torch.float16, torch.bfloat16):
    print(t, x.to(t).tolist())
```

FP32 itakurudishia namba zote tatu karibu vile ulivyoziandika. FP16 itakupa 1.0009765625, hiyo si mbaya hata kidogo, lakini 70000 inakuwa `inf` na 1e-8 inakuwa 0.0, zimetoweka kabisa. BF16 inakupa 1.0, yaani ile 0.001 imemezwa, 70000 imekuwa 70144, na 1e-8 iko, imepotoka tu kidogo. Ukizitazama hizo laini tatu vizuri umemaliza nusu ya hii maneno.

Mimi huwa nafikiria mizani. FP16 ni ile mizani ya duka la vito, inasoma hadi nukta, lakini ukiiwekea gunia la viazi inakwisha. BF16 ni ile ya malori pale Gilgil, inabeba chochote unachoendesha juu yake, lakini turnboy akipanda na kuku mkononi haitajua. Mfano huu unavunjika mahali pamoja na ni muhimu: BF16 ukiipa kuku peke yake inampima sawa tu, shida yake ni kuku *juu ya* lori, kitu kidogo kikijumlishwa kwa kikubwa. Hilo shika, tutalirudia.

Sasa nan yako. Mwisho wa FP16 ni 65,504. Inasikika kubwa hadi ukumbuke 256 mara 256 ni 65,536, ushapita. Familia ya T5 ilitrenishwa kwa TPU, na huko kipeo ni kile kipana, kwa hivyo hakuna mtu aliyekuwa anaiambia modeli ikae chini ya 65 elfu, nayo ikajizoesha kutoa namba kubwa kubwa ndani, hasa pale mwisho wa feedforward, tabaka linaloitwa `wo`. Ukiileta kwa FP16 namba moja inapita mpaka, inakuwa `inf`, inaenda mbele hadi mahali kuna kutoa, na `inf` kutoa `inf` ni `nan`. Na `nan` ikishaingia hiyo ni kama tone la mafuta taa kwa mtungi wa maji, kila kitu kinachokuja baadaye ni `nan`.

Na mbona losi ikaandika 0.0 badala ya kusema ukweli? Hiyo ni `Trainer` ya Hugging Face inakuficha. Iko na kitu kinaitwa `logging_nan_inf_filter`, na imewashwa tangu mwanzo. Hatua ikitoa `nan` haiandiki `nan`, inaweka wastani wa losi za hatua zilizopita, na kama hatua zote tangu ya kwanza ni `nan` basi wastani ni sifuri. Watu wameshangilia hiyo sifuri, mimi nikiwa mmoja wao. Iweke `False` na utaona mambo yalivyo.

Utasikia watu wakikuambia lakini FP16 si ina ile ya kulinda, `GradScaler`? Iko, na hapa ndipo wengi huchanganyikiwa, kwa sababu `GradScaler` inatibu ugonjwa mwingine kabisa. Yenyewe ni ya upande wa chini. Gredienti nyingi ni ndogo sana, kama ile 1e-8 tuliyoona FP16 ikiifanya sifuri, basi inachofanya ni kuzidisha losi kwa namba kubwa kabla ya kurudi nyuma, inaanza na 65,536, hivyo gredienti ya 1e-8 inakuwa kama 0.00066 na hiyo FP16 inaishika vizuri, halafu inagawanywa tena kabla uzito haujaguswa. Ikiona `inf` ama `nan` kwa gredienti inairuka hiyo hatua na kukata skeli yake nusu. Zikipita hatua 2,000 mfululizo bila shida inaipandisha mara mbili.

Lakini wewe kufurika kwako ni kwa kwenda mbele, kabla losi haijapatikana. Skeli inazidisha losi, sasa itasaidiaje kitu kilichoharibika kabla yake? Haiwezi. Itaruka hatua, ikate nusu, iruke, ikate nusu, na modeli yako haijifunzi chochote, uzito uko vile vile ulivyoupakua. Na hapa kuna njia safi ya kujua ni ugonjwa upi. Kutoka 65,536 ukikata nusu mara 16 unafika 1. Chapisha skeli kila baada ya hatua chache:

```python
print(trainer.accelerator.scaler.get_scale())
```

Ikishuka mara moja mbili halafu ikatulia, hiyo ni afya, ndivyo inavyojitafutia mahali. Ikipita 1 na bado inashuka, 0.5, 0.25, achana na skeli, shida ni mbele. Kuthibitisha kabisa, pitisha bachi moja kwa FP32 na uchungulie `wo`:

```python
def angalia(jina):
    def hook(m, i, o):
        print(jina, o.abs().max().item())
    return hook

for jina, m in model.named_modules():
    if jina.endswith("DenseReluDense.wo"):
        m.register_forward_hook(angalia(jina))
```

Kila tabaka litakuonyesha namba yake kubwa zaidi. Ukipata hata moja imepita 65,504, umempata mwizi akiwa na kuku kwapani. Na angalia pia zile zilizo karibu, kama tabaka linasoma elfu arobaini kwa bachi hii, bachi nyingine yenye sentensi ndefu inaweza kulivusha, ndio maana kuna wale FP16 huwafanyia kazi siku nzima halafu usiku inakufa.

Kuhusu BF16 sasa. Yule rafiki yako hakukudanganya, kwa hii familia ya modeli BF16 ndiyo dawa, kwa sababu mwisho wake ni ule ule wa FP32, karibu 3.4e38, hakuna tabaka litafika huko, na hata hiyo `GradScaler` huihitaji. Shida ni T4. T4 ni kizazi cha Turing, viini vyake vya matriki vinajua FP16, BF16 havijui. BF16 iliingia kwa GPU za NVIDIA na kizazi cha Ampere, 2020, A100 na zile RTX za 30 na kuendelea. Kwa T4 PyTorch inaigiza tu, inabadilisha namba kwenda na kurudi na kupiga hesabu njia ya polepole, ndiyo konokono wako. Na usiulize `torch.cuda.is_bf16_supported()`, matoleo ya karibuni yanahesabu hata kuigiza kama ndio, itakuambia `True` na ukae ukisubiri. Uliza hii:

```python
torch.cuda.get_device_capability()
```

Ikisema `(7, 5)` hiyo ni T4 na BF16 sahau. Ikianza na 8 kwenda juu uko sawa.

Siku ukipata GPU ya namna hiyo, kuna shimo moja nataka nikuonyeshe kabla uingie, maana mimi niliingia. Kuna kuweka `bf16=True` kwa mipangilio ya kutreni, na kuna kupakia modeli yenyewe ikiwa `torch_dtype=torch.bfloat16`. Zinafanana kwa macho, si kitu kimoja. Ile ya kwanza inaweka uzito ukiwa FP32 na kutumia BF16 pale pa kuzidisha matriki tu. Ya pili inaweka uzito wenyewe kwa BF16, na hapo tunarudi kwa kuku juu ya lori.

Chukua uzito wa 0.5. Kwa BF16 namba inayofuata baada ya 0.5 ni 0.50390625, yaani hatua ni karibu 0.0039, katikati hakuna kitu. Adam na kiwango cha kujifunza cha 3e-4 inasogeza uzito kama 0.0003 kwa hatua moja. 0.5 jumlisha 0.0003 ni 0.5003, BF16 inatafuta namba iliyo karibu, inapata ni 0.5. Hatua inayofuata, 0.5 jumlisha 0.0003, ni 0.5. Unaweza kuifanya mara elfu kumi. Kosa halijilimbikizi hadi lifike mahali, kila mara linafutwa na unaanza upya. Ili usogee lazima hatua moja peke yake izidi nusu ya pengo, karibu 0.002. Uzito mdogo, sema 0.01, unasogea sawa kwa sababu pengo huko ni dogo, kwa hivyo modeli inajifunza nusunusu, hiyo ndiyo inauma, ingekataa kabisa ungejua mapema.

Mimi ilikuwa modeli ya Lubukusu, GPU ya kukodisha kwa saa, pesa yangu ya mfukoni. Losi ilishuka vizuri siku ya kwanza halafu ikakaa tu pale, nikabadilisha data, nikabadilisha kiwango cha kujifunza, nikamlaumu hadi aliyenisaidia kutafsiri sentensi, maskini. Kilichonifungua macho ni kuchukua checkpoint mbili zilizoachana hatua elfu na kuzilinganisha:

```python
for k in a:
    print(k, (a[k] == b[k]).float().mean().item())
```

`a` na `b` ni `state_dict` zake. Kwa treni ya FP32 utapata karibu sifuri kila mahali isipokuwa embedding za maneno ambayo hayajatokea. Mimi nikakuta tabaka baada ya tabaka sehemu kubwa ya namba ni zile zile, hazijasogea hata biti moja, na zile za layernorm zinazokaa karibu na 1 ndizo zilikuwa zimeganda zaidi. Nikapakia tena na FP32, nikaweka `bf16=True`, losi ikaendelea kushuka kutoka pale pale ilipokuwa imekwama.

Ukitaka kuona jambo hilo kwa udogo kabisa, anza na sifuri na ujumlishe 1, ukiweka jibu kwa BF16 kila mara. Itafika 256 na kusimama hapo milele, kwa sababu 257 haiko kwa BF16. FP16 itasimama 2048. FP32 nayo husimama, ni vile tu ni kwa 16,777,216. Hiyo ndiyo sababu viini vya GPU na vya TPU vikizidisha matriki za BF16 hujumlishia kwa FP32 ndani, kuzidisha kwa tarakimu chache hakuumizi sana, kujumlisha ndiko kunakoumiza.

Haya turudi kwa T4 yako na ile hesabu niliyokuahidi. mT5-small ina parameta kama milioni 300. Kwa FP32 na Adam kila parameta inakula baiti 16: nne za uzito, nne za gredienti, nane za zile kumbukumbu mbili za Adam. 300M mara 16 ni GB 4.8. T4 ina GB 16, hata ukiondoa za mfumo unabaki na kama 10. Sasa watu huona GB 10 na bado inawaambia memori imeisha, wanashangaa, kumbe mla memori ni msamiati. mT5 ina maneno 250,112, na kwa kila tokeni inayotolewa modeli inaandika namba moja kwa kila neno. Bachi ya 32 zenye tokeni 128 ni tokeni 4,096, mara 250,112, mara baiti 4, ni GB 4.1 kwa nakala moja tu ya hayo matokeo, na kurudi nyuma kunahitaji nakala zaidi ya moja. Hapo umekwisha. Bachi ya 4 zenye tokeni 64 ni MB 256. Kwa hivyo:

```python
Seq2SeqTrainingArguments(
    output_dir="sw-luo",
    fp16=False, bf16=False,
    per_device_train_batch_size=4,
    gradient_accumulation_steps=8,
    logging_nan_inf_filter=False,
)
```

Nne mara nane ni 32, kwa modeli ni karibu kama bachi ile ile. Kata sentensi kwa tokeni 64 kama data yako ni mazungumzo ya kawaida, ya soko la Kibuye ama ya stendi, nyingi zinatosha hapo. Ikibaki nafasi panda hadi 8.

Mwendo utakuwaje? Kwa karatasi T4 inapiga hesabu trilioni 65 kwa sekunde za FP16 na karibu 8 tu za FP32, kwa hivyo ndiyo, unaacha mbio nyingi mezani. Lakini modeli ndogo namna hii haikaribii 65, muda mwingi inasubiri memori, na FP32 halisi bado itaipita BF16 ya kuigiza. Kuna njia ya kati, unaacha `fp16=True` halafu unaifunga `wo` peke yake ifanye kazi kwa FP32, nje ya `autocast`, ile sehemu ya PyTorch inayogeuza hesabu kuwa FP16. Inasaidia mara nyingi. Si mara zote, kwa sababu kinachoingia ndani ya `wo` ni namba mbili zimezidishwa pamoja, na zenyewe ni za FP16, zinaweza kufurika kabla hata hazijafika mlangoni. Kwa mT5-small mimi singejisumbua. Kwa mT5-base, ambayo ni parameta kama milioni 580 na kwa hivyo GB 9.3 kabla ya bachi yoyote, ningetafuta mashine ya Ampere hata kama ni ya kukodi masaa mawili.

Na usije ukamaliza kutreni halafu ukaigeuza modeli FP16 ndio iwe nyepesi kwa watumiaji. Ile `wo` bado iko pale pale.

Kitu kimoja cha mwisho uangalie. Ukienda FP32 na `nan` bado inakuja, na ile hook inaonyesha namba za kawaida tu, basi si mambo ya biti, ni lebo. Losi haihesabu tokeni zilizoandikwa -100, na bachi ikiwa lebo zake zote ni -100, pengine kwa sababu laini za upande wa Dholuo zilikuwa tupu kwa faili lako na hata tokeni ya kufunga sentensi haikuwekwa, wastani wake ni sifuri gawanya kwa sifuri. Kwa bachi ya 4 hiyo inatokea kwa urahisi kuliko kwa 32, kwa hivyo pitisha faili na utoe laini tupu kabla ya kuanza.